Nina miezi 152 NSSF: nichukue mkupuo sasa au nisubiri pensheni ya kila mwezi? (Mwaka 2009 niliwahi kujitoa)

Fundi Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na barua mezani ambayo natakiwa kuirudisha ikiwa na sahihi kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo naomba tujadili kwa moyo.

Mimi ni fundi mitambo, Morogoro, umri miaka 57 na miezi minne. Kiwanda kinafunga moja ya laini zake na sisi tuliovuka 55 tumeombwa tuandike barua ya kustaafu kwa hiari. Nikiandika, nitakwenda kudai mafao yangu NSSF. Taarifa ya michango inaonyesha miezi 152 na jumla ya shilingi milioni 15.8. Mshahara wangu sasa ni 780,000.

Kinachonitia hofu ni kwamba nimeshapita hapa. Niliajiriwa mara ya kwanza Novemba 1998, kiwanda kingine, na Juni 2009 tukapunguzwa. Nilikuwa na miezi 128. Enzi zile fao la kujitoa lilikuwepo: unakaa miezi sita bila kazi, unajaza fomu, unapewa chako. Nilipata 5,340,000. Nikaezeka nyumba, nikanunua pikipiki mbili za biashara. Nyumba ipo hadi leo. Pikipiki moja iliibwa, ya pili iliisha kwa kutengenezwa.

Tulipunguzwa siku moja na mwenzangu tuliyekuwa tunapokezana mashine, mimi mchana yeye usiku. Yeye hakuchukua. Alikaa karibu mwaka mzima akilima Mikese, akapata kazi nyingine, michango ikaendelea palepale ilipokuwa imeishia. Oktoba 2023 alistaafu na miezi 288. Alipewa milioni 21 na ushee, na kila mwezi inaingia 289,000 na kitu. Juzi nilimkuta benki anachukua ya mwezi, akanunua dawa za mkewe za presha, na nyingine akaenda kulipia maji. Tulianza kazi siku moja, wakuu. Nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Sasa nauliza: hii 15.8 niichukue, au nikatae barua? Na je, ile miezi 128 ya zamani inaweza kurudishwa?

Kijana wa Hisa

Pole mzee wangu. Mimi nasema chukua, ila usiguse pikipiki tena. Peleka yote kwenye hatifungani ya serikali ya muda mrefu. Tufanye riba ni asilimia 12 kwa mwaka, na zipo zilizowahi kulipa zaidi ya hapo. Milioni 15.8 inakupa 1,896,000 kwa mwaka, yaani kama 158,000 kwa mwezi, na haikatwi kodi. Pesa yenyewe inabaki nzima, na ukifariki watoto wanarithi. Pensheni ukifariki imekufa. Kwa nini ukae unamtegemea mtu akupangie?

Mwalimu wa Kwimba

Hiki kikokotoo ndicho kimetuumiza walimu. Sisi tuliajiriwa tukijua mkupuo ni asilimia 50, mwaka 2022 ikawa 33, tumelalamika hadi bajeti ya 2024 ikapanda 40. Mimi nastaafu mwakani na bado sijui nitajenga na nini. Mtoa mada, ulipewa asilimia ngapi? Usikubali 33, waambie ni 40 sasa.

Fundi Kihonda

Mwalimu, asante, ila mimi ni sekta binafsi na sijastaafu bado. Hata sijui kama nafika huko kwenye kugawana asilimia.

Bi Utumishi

Fundi, shikamoo kwanza, maana nadhani umenizidi kidogo. Nimefanya kazi ofisi za utumishi viwandani miaka 26, fomu za mafao nimejaza mpaka vidole vikaota sugu. Ngoja nianze na jambo ambalo wengi hawalijui, kwa sababu ndilo lililokuumiza 2009 na ndilo litakalokuumiza tena ukisaini haraka.

Pensheni ya NSSF haihesabiwi kwa kujumlisha shilingi ulizochanga. Inahesabu miezi. Idadi ya miezi uliyochangia inazidishwa na wastani wa mshahara wako wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, kisha inagawanywa kwa 580. Hapo ndipo siri ilipo: mwezi uliochangia 1999 ukiwa na mshahara mdogo, siku ya kustaafu unahesabiwa kwa mshahara wako wa mwishoni. Mwezi haujui ulilipwa kiasi gani wakati ule.

Tumchukue huyo mwenzako. Miezi 288. Ukirudi nyuma kutoka hizo 289,000, wastani wake ulikuwa kama 870,000. Gawanya kwa 580 unapata 1,500 kamili. Kwa hiyo kila mwezi aliowahi kuchanga, hata ule wa Novemba 1998, umemletea shilingi 1,500 ya pensheni. Zidisha mara 288, ni 432,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo pensheni nzima kabla ya mkupuo. Alistaafu 2023, wakati mkupuo ni asilimia 33: kwa mwaka pensheni ni 5,184,000, asilimia 33 yake inazidishwa kwa 12.5, inatoka 21,384,000. Asilimia 67 iliyobaki ndiyo 289,440 anayopokea.

Sasa toa ile miezi 128, ambayo wewe ulichukua na yeye akaiacha. Anabaki na 160. Na sheria inataka angalau miezi 180 ndipo mtu aitwe mstaafu wa pensheni. Yaani kama naye angejaza fomu pamoja na wewe siku ile, leo asingekuwa na hata senti ya kila mwezi. Angepewa mkupuo maalumu, basi, akaenda nyumbani.

Fundi Kihonda

Bi Utumishi, marahaba, na asante sana. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo mimi nilidhani nimeuza milioni tano za michango, kumbe niliuza miezi?

Bi Utumishi

Uliuza miezi 128 kwa bei ya mshahara wa 2009 na kurudi nyuma. Kwa maswali yako: hapana, hairudi. Ulishalipwa, ukurasa ule umefungwa. Ulipoajiriwa tena ulianza sifuri. Naomba usiteseke na hilo usiku, 2009 hakuna aliyekuwa anawaeleza wafanyakazi haya, na nyumba umeezeka.

Ila angalia ulipo leo. Miezi 152. Imepungua 28 kufika 180. Na una miezi 32 kabla ya kutimiza 60.

Mchimbaji wa Geita

Samahani mama, lazima niseme upande wa pili, maana mnaongea kana kwamba waliojitoa wote walikosea.

Mwaka 2012 Bunge lilipopitisha kulifuta fao la kujitoa, sisi wa migodini ndio tuliopiga kelele mpaka likarudi, na sijuti. Mikataba yetu ni miaka miwili, mitatu. Kazi yenyewe ya chini ya ardhi, mtu akifika 45 mapafu na mgongo vimekwisha, nani atamwajiri mpaka 55? Mimi nilikuwa na miezi 71 nilipotoka 2014. Hiyo ingenisaidia nini kuiacha ilale miaka ishirini ikisubiri niwe mzee? Nilichukua, nikanunua viwanja viwili Katoro wakati bado ni bei ya kawaida, kimoja nikauza nikajenga vyumba sita kwenye kingine. Vyumba vyote vina watu. Sihitaji miezi 180.

Fao lenyewe lilikuja kufungwa 2018, sasa vijana wangu wakiachishwa wanapewa asilimia 33 ya mshahara kwa miezi sita, halafu wanaambiwa wasubiri uzee. Mwenye miaka 32, mama, asubiri?

Bi Utumishi

Mchimbaji, sikukupinga wala sitakupinga. Kwa mtu wa miezi 71 asiye na dalili ya kuajiriwa tena, ile hesabu yangu yote haimhusu, kwa sababu inategemea kuvuka 180 na kustaafu ukiwa na mshahara mzuri kuliko ulioanzia. Asiyevuka, michango yake inalala na thamani inaliwa na bei za vitu. Kwa huyo kujitoa kulikuwa na maana.

Fao lile lilikuwa mabaki ya NPF, mfuko uliotangulia NSSF. Ule ulikuwa mfuko wa akiba hasa: mnaweka, wewe na mwajiri, siku ya kutoka mnatoa kilichomo na riba yake. Sheria ya 1997 ikaugeuza kuwa mfuko wa pensheni, lakini mlango wa akiba ukaachwa wazi. Ndani ya nyumba moja kukawa na mambo mawili yanayopingana. Mtu aliyepita mlango ule aliona anachukua akiba yake, kumbe anang'oa msingi wa pensheni yake. Kosa halikuwa la Fundi.

Babu Pongwe

Mimi nilistaafu 1994, NPF. Nilipewa yote mara moja, bahasha. Nilinunua ng'ombe watano na kulipa deni la duka. Baada ya miaka miwili nilikuwa nauza machungwa barabarani. Hakuna aliyeniibia. Ilikuwa ndogo tu na wenye shida walikuwa wengi, kila ndugu alijua Mzee kalipwa. Hilo la ndugu kujua msilisahau katika hesabu zenu.

Kijana wa Hisa

Babu shikamoo. Ila hatifungani ndugu hawezi kuja kuiomba. Bi Utumishi, bado hujajibu hesabu yangu. 158,000 kwa mwezi na mtaji uko salama. Pensheni ya Fundi akifika hiyo 180 itakuwa ngapi?

Bi Utumishi

Nilikuwa nakuja huko. Fundi, wastani wa mshahara wako wa miaka mitatu ya juu unaujua?

Fundi Kihonda

Nimepiga kwenye hati za mshahara, miezi 36 ya mwisho ndiyo mikubwa. Wastani 754,000.

Bi Utumishi

Vizuri. Gawanya kwa 580, ni 1,300. Miezi 180 mara 1,300 ni 234,000. Kwa mwaka 2,808,000. Kwa watu wa NSSF mkupuo sasa ni asilimia 35, siyo 40 ya Mwalimu, ile ni ya wale waliokuwa na 50 zamani. Kwa hiyo asilimia 35 ya 2,808,000, mara 12.5, unapata 12,285,000 mkononi. Halafu kila mwezi 152,100 mpaka mwisho wa maisha.

Kijana, ukilinganisha 158,000 yako na 152,100 unaona umeshinda. Lakini umesahau kwamba Fundi atakuwa na milioni 12.3 mkononi pia. Akifanya kama unavyoshauri, akazipeleka zilezile kwenye hatifungani ya asilimia 12, zinampa 122,850 kwa mwezi. Jumlisha na pensheni ni karibu 275,000. Na hiyo milioni 12.3 nayo inarithiwa vilevile.

Halafu kuna kitu kingine. Hiyo 15.8 inayoonekana kwenye taarifa ni michango iliyoingia. Mkupuo maalumu wa mtu asiyefika 180 una ukokotoaji wake, usidhani utakabidhiwa namba ileile unayoiona. Fundi, kabla ya kusaini chochote, nenda ofisi ya NSSF uombe makadirio ya aina zote mbili kwa maandishi.

Kijana wa Hisa

Nakubali sikuhesabu mkupuo. Lakini na wewe hukuhesabu kwamba hiyo miezi 28 inalipiwa. Akitoka kazini atailipa nani?

Bi Utumishi

Swali zuri. Akibaki kazini analipa asilimia 10 yake na mwajiri 10, na kwa mfukoni mwake ni 78,000 kwa mwezi ambayo ameshaizoea. Akitoka na kutaka kujichangia mwenyewe asilimia 20 yote ya wastani wake, ni 150,800 mara 28, kama milioni 4.2. Ongeza tofauti ya 15.8 na 12.3, milioni tatu na nusu. Ni kama milioni 7.7 anazoziacha au kuzitoa ili apate 152,100 ya kila mwezi. Zinarudi baada ya miezi 51, miaka minne na kidogo. Akiishi zaidi ya hapo yuko mbele.

Mama Ushindi

Mnahesabu kama mtu ana uhakika wa kuishi. Baba yangu alifariki 2011 akiwa amepokea pensheni miezi tisa tu. Niliwahi kufikiri kama mlivyo, kwamba pesa imepotea. Lakini mama alikuwa na miaka 51, akaendelea kulipwa kama mjane na anapokea mpaka leo. Si nyingi, ila ndiyo iliyonunua insulini yake. Kaka zangu wangekuwa wamegawana ile ya mkupuo kabla ya arobaini, nasema bila kuwachukia.

Fundi, mke wako amesema nini? Hujamtaja kabisa.

Fundi Kihonda

Mama Ushindi, umenigusa. Mke wangu ndiye aliyeniambia nisisaini. Mwaka 2009 alisema vilevile, nikamwona hajui mambo.

Msafiri wa Changamwe

Salaam kutoka Mombasa. Nataka kuleta yangu kidogo ijapokuwa ya Kenya, kwa sababu naona hapa mnachanganya vitu viwili ambavyo kwetu vimetenganishwa.

Kampuni niliyokuwa nikifanya kazi bandarini ilikuwa na mfuko wa akiba wake yenyewe, si wa pensheni. Humo hakuna habari ya miezi 180. Kila mtu ana sanduku lake: mchango wako, wa mwajiri, na faida. Nilitoka 2016 nikiwa na miaka 41, nikaruhusiwa kutoa michango yangu yote na nusu ya ile ya mwajiri. Nusu nyingine ilibaki imefungwa mpaka nifike 50. Nililalamika sana siku ile. Niliyoichukua, kama milioni moja na laki mbili za Kenya, niliingia ubia wa matatu na ubia ukavunjika. Iliyofungwa ilikuwa laki nne. Sijaongeza hata shilingi moja na taarifa ya mwisho inasema inakaribia laki nane.

Kwa hiyo kwenye mfuko wa akiba hasara ya kutoa mapema ni ile faida ambayo haikukua, na unaweza kuiona. Kwenu naona hasara ni kubwa zaidi na haionekani kabisa kwenye karatasi, kwa sababu taarifa inaonyesha shilingi na sheria inahesabu miezi. Nimeelewa vizuri?

Bi Utumishi

Umeelewa kuliko maofisa wengi niliowahi kukaa nao mkutanoni.

Mwalimu wa Kwimba

Sasa nimeelewa mada, nisameheni nilirukia. Lakini Bi Utumishi, hizo 152,100 miaka kumi ijayo zitanunua nini? Shemeji yangu anapokea pensheni ileile miaka mingi na gunia la mahindi siyo lile. Hilo nalo mlihesabu?

Bi Utumishi

Sikulihesabu, na ni udhaifu wa kweli. Pensheni hupandishwa pale serikali na mfuko vinapoamua, haifuati bei ya soko kila mwaka. Vyumba vya Mchimbaji kodi inapanda, pensheni inakaa. Ndiyo maana nisingemshauri mtu aishi kwa pensheni peke yake. Ila hatifungani ya Kijana nayo inalipa kiasi kilekile miaka yote mpaka iive. Hapo wamelingana.

Mchimbaji wa Geita

Kodi inapanda, na mpangaji anahama bila kulipa miezi mitatu. Nisemeje, ni kweli pia.

Bi Utumishi

Fundi, kuna jambo limenikaa tangu asubuhi. Ulisema ulianza kazi kiwanda hiki lini?

Fundi Kihonda

Machi 2012, tarehe mosi.

Bi Utumishi

Na umekatwa mchango mpaka Oktoba mwaka huu 2025?

Fundi Kihonda

Ndiyo, kila mwezi, ipo kwenye hati ya mshahara.

Bi Utumishi

Machi 2012 mpaka Oktoba 2025 ni miezi 164. Taarifa yako inasema 152. Kuna 12 haipo.

Toa taarifa nzima ya mwezi kwa mwezi, usiangalie jumla ya chini. Pitisha kalamu. Ukiona mwaka ambao miezi imerukwa, au mwezi mmoja umeandikwa mara mbili na unaofuata ni mtupu, hapo ndipo pa kushika. Kuna mambo matatu ninayoyajua kwa kuyaona: mwajiri alikata na hakuwasilisha, au aliwasilisha kwa namba ya uanachama iliyokosewa tarakimu moja, au una namba mbili na michango imegawanyika. Kila moja dawa yake ni tofauti.

Fundi Kihonda (siku ya pili)

Wakuu, nimekaa na mke wangu mpaka saa sita usiku. Hati za mshahara alikuwa ameziweka kwenye bati la biskuti tangu 2012, mimi nilikuwa sijui. Kuanzia Agosti 2016 mpaka Julai 2017 taarifa ya NSSF ni tupu. Mwaka mzima. Hati zangu zote 12 za kipindi hicho zinaonyesha nimekatwa.

Nakumbuka kipindi kile kiwanda kilikuwa kinachelewesha mishahara. Tulipokuwa tunalipwa tulikuwa tunashukuru tu, nani angeuliza michango.

Nikaanza kuuliza wenzangu wa laini yetu. Tuko 19 tuliopewa barua. Watano waliokuja na taarifa zao, wote wana pengo lilelile.

Bi Utumishi

Basi siyo namba iliyokosewa. Haikuwasilishwa.

Sikiliza vizuri. Deni hilo ni la mwajiri, na mfuko ndio unaolidai kwake, na adhabu ya kuchelewesha juu yake. Nenda NSSF na nakala za hati zote 12, barua ya ajira, na kitambulisho. Andika malalamiko, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Nendeni wote watano pamoja, na wale 14 wengine watafute zao. Na mfanye hivyo kabla ya kusaini kustaafu. Mkishatoka na kiwanda kikafunga laini, kumdai mtu aliyeondoka ni kazi nyingine kabisa.

Ikiingia, unakuwa na 164. Zitabaki 16 kufika 180. Siyo 28.

Kijana wa Hisa

Miezi 16! Hapo hata mimi nabadilika. Kwa 16 hata kama atajichangia mwenyewe ni milioni 2.4.

Kaka Mnadani

Nasikia mtu akitoka kwenye ajira akiingia mpango wa kuchangia kwa hiari, miezi ya hiari haiunganishwi na ile ya ajira kufikia 180. Jirani yangu aliambiwa hivyo.

Bi Utumishi

Na mimi nimewahi kumsindikiza mtu ikaunganishwa. Lakini alikuwa ameomba kuendelea kabla ya kutoka kazini, kwa namba ileile ya uanachama, siyo kujiandikisha upya kama mfanyabiashara. Fundi, hilo nalo liulize kaunta na upewe jibu la maandishi. Usitegemee jirani wa mtu, na usinitegemee mimi.

Mchimbaji wa Geita

Na akikataa kusaini halafu kiwanda kimpunguze kwa nguvu?

Bi Utumishi

Kupunguza kuna utaratibu wake: taarifa, mashauriano na chama cha wafanyakazi, kisha kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Inachukua muda, na kila mwezi unaopita akiwa kazini ni mwezi mmoja kati ya ile 16. Barua ya hiari ndiyo inayowarahisishia wao, kwa sababu mtu ameomba mwenyewe. Kwa nini wawape tarehe ya mwisho wa mwezi huu?

Fundi Kihonda (baada ya siku nne)

Narudi kutoa taarifa.

Jumatatu tulikwenda 11. Tumepokelewa, malalamiko yamegongwa muhuri, tumeambiwa mkaguzi atatumwa kiwandani kuangalia vitabu vya mishahara vya 2016 na 2017. Niliomba makadirio ya maandishi. Ya pensheni kwa miezi 180 yametoka karibu sana na hesabu ya Bi Utumishi, yamepishana kwa shilingi mia chache. Ya mkupuo maalumu bado, nimeambiwa nirudi Alhamisi. Kuhusu kuendelea kwa hiari kwa namba ileile, ofisa aliandika kwenye karatasi kwamba niombe kabla ya tarehe ya kuacha kazi. Karatasi ninayo.

Barua ya kiwanda sijasaini. Afisa utumishi amenifuata mara mbili kwenye mashine, mara ya pili akasema wenzangu 6 wameshasaini. Nilimuuliza kama na wao wameona taarifa zao za 2016. Akanyamaza, akaondoka.

Kati ya hao 6, wawili nimewafikia jana jioni. Mmoja ana miezi 171 kwenye taarifa. Akirudishiwa 12 zake anakuwa na 183, yaani ameshavuka bila kuchanga tena hata mwezi mmoja, na amesaini ili apewe mkupuo. Bi Utumishi, barua ya kustaafu kwa hiari ikishapokelewa inaweza kufutwa? Tarehe yake ya mwisho kazini ni Ijumaa.

Bi Utumishi

Aandike leo, siyo kesho, barua ya kuondoa ombi lake, aeleze kwamba alisaini bila kujua michango ya miezi 12 haijawasilishwa. Nakala kwa chama cha wafanyakazi, nakala NSSF iambatane na malalamiko yenu ya Jumatatu. Wakikataa kuipokea, aipeleke na shahidi. Na hata wakishikilia kwamba kastaafu, asijaze fomu ya mkupuo maalumu kabla ya mkaguzi kumaliza. Asipokuwa amelipwa, miezi yake bado ni hai. Nitumie ujumbe ndani nikuandikie mfano wa barua sasa hivi.